Aya yangu ina ukweli mtupu, mbona naambiwa haina hoja?

"Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuoni, naandika insha kuhusu sababu za kushindwa kwa mradi wa karanga wa Kongwa. Aya yangu ya pili imerudi na wino mwekundu: 'Aya haina hoja. Sentensi kuu iko wapi?' Kila nilichoandika ni kweli, nimekisoma kitabuni. Sentensi kuu naipataje, na nitajuaje sentensi ipi ibaki na ipi itoke? Aya nimeiambatanisha."

Marahaba. Aya yako naiweka hapa kama ulivyoituma. Nilichoongeza ni namba tu, ili tuweze kuzinyooshea kidole sentensi moja moja.

> (1) Mradi wa karanga ulianza Kongwa mwaka 1947. (2) Ulikuwa mradi wa serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. (3) Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu sana wakati wa kiangazi. (4) Pia matrekta mengi yalikuwa ya mitumba na yaliharibika mara kwa mara. (5) Vilevile mvua zilikuwa chache. (6) Aidha, bandari ilijengwa Mtwara na reli ikaelekea Nachingwea. (7) Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kutumia fedha nyingi. (8) Hii inaonyesha kuwa mipango ni muhimu katika maendeleo.

Ni kweli, hakuna uongo hapa. Ila chukua kila sentensi uiulize: wewe unajibu swali gani? Ya kwanza inajibu "lini na wapi". Ya pili inajibu "kwa nini Waingereza waliutaka mradi huu". Ya tatu, ya nne na ya tano zinajibu "kwa nini ulishindwa", lakini kila moja inataja sababu yake. Ya sita inajibu "uliacha nini nyuma yake". Ya saba inajibu "uliishaje". Ya nane haijibu swali lolote, na ungeweza kuibandika mwishoni mwa insha kuhusu reli, shule au soko la samaki bila kubadilisha herufi. Msomaji amepokea majibu ya maswali matano ndani ya aya moja, na hakuna hata moja alilojibiwa akaridhika. Hicho ndicho msahihishaji wako alichokiona.

Sasa angalia viunganishi vyako: pia, vilevile, aidha. Sote tumefundishwa kuvitumia, na havina kosa. Lakini vinafanya kazi moja tu, ya kuongeza kitu pembeni ya kingine. Havisemi kwamba hiki kimesababisha kile, wala kwamba hiki kinathibitisha kile. Jaribu kuhamisha sentensi ya tano iwe ya tatu, na ya nne iwe ya tano. Kuna kilichoharibika? Hakuna. Aya ambayo sentensi zake zinaweza kubadilishana nafasi bila msomaji kugutuka ni orodha iliyoandikwa kwa mlalo. Kwenye aya yenye hoja, sentensi ya nne haiwezi kueleweka vizuri kabla ya ya tatu, na ukiihamisha utaisikia inapwaya.

Tuje kwenye sentensi kuu. Wengi hudhani ni sentensi inayotaja mada, ndiyo maana ukaanza na "Mradi wa karanga ulianza Kongwa mwaka 1947." Mada imetajwa, ila msomaji hana la kudai zaidi. Akishaisoma anasema "sawa" na kunyamaza. Sentensi kuu inatakiwa itoe dai, yaani kauli ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuitilia shaka au kuitakia maelezo. Dai zuri likishasomwa, msomaji anauliza moyoni "kivipi?" au "kwa nini?", na sentensi zote zinazofuata zina kazi moja tu ya kumjibu.

Ukishalijua hilo, hatari inayofuata ni kwenda upande wa pili na kuandika: "Mradi wa karanga ulikumbwa na matatizo mengi." Hili ni dai, na msomaji atauliza "matatizo gani?" Lakini jibu la swali hilo ni insha nzima. Chini ya sentensi hiyo unaweza kuweka udongo, mvua, matrekta, mibuyu, uongozi, bei na hata malaria, na hakuna sentensi utakayoweza kuikataa. Sentensi kuu inayokubali kila kitu haikusaidii kuchagua. Pima hivi: kama huwezi kutaja jambo la kweli kuhusu mada yako ambalo sentensi kuu inalikataa, basi ni pana mno.

Kwa aya yako nimechagua sentensi ya tatu, kwa sababu ndiyo yenye nyama nyingi chini yake. Kwanza nimeigeuza kuwa dai: "Udongo wa Kongwa haukufaa kwa karanga za kulimwa kwa mashine." Msomaji atauliza "haukufaa kivipi?" Na hapo nikagundua kwamba aya yako haimjibu. Inasema udongo ulikuwa mgumu, lakini haisemi ugumu una madhara gani kwa karanga. Mahindi nayo hupandwa kwenye udongo mgumu na watu wakavuna chochote. Kati ya "udongo mgumu" na "karanga zimeshindwa" kuna pengo, na msomaji asiyewahi kulima karanga hawezi kulivuka peke yake. Nikaandika hivi:

> Udongo wa Kongwa haukufaa kwa karanga za kulimwa kwa mashine. Karanga huchanua juu ya ardhi, lakini ua likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kujichimbia udongoni, na maganda yenye punje hukulia humo chini. Kwa hiyo zao hili huhitaji udongo uliolegea mara mbili: kikonyo kinapoingia ardhini, na maganda yanapong'olewa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na mvua zikikatika hukauka ukashikana. Kipindi hicho cha ukavu ndicho cha mavuno, hivyo karanga zilizokwisha kukomaa zilinaswa ardhini, na mashine zilizoletwa kuzing'oa hazikuweza kuupasua udongo huo ipasavyo. Hata kulima kwenyewe kulikuwa kwa taabu, kwa sababu udongo una chembe ngumu zinazokwangua chuma, na majembe ya matrekta yaliisha makali upesi.

Soma tena polepole, uangalie kila sentensi inafanya nini. Ya kwanza inadai. Ya pili na ya tatu hazisemi chochote kuhusu Kongwa. Zinaeleza tabia ya zao, ili msomaji aelewe kwa nini udongo ni suala la kufa na kupona kwa karanga. Hizi ndizo sentensi ambazo wanafunzi wengi huziruka, kwa sababu wao wenyewe wameshaelewa na wanadhani msomaji naye ameelewa. Ya nne inaleta Kongwa. Ya tano inakutanisha mambo hayo mawili, tabia ya zao na hali ya mahali, na hapo dai linathibitika. Ya sita inaongeza ushahidi wa pili. Sasa jaribu kuihamisha ya tano iwe ya pili: haikubali, kwa sababu msomaji bado hajajua kwa nini karanga zinaswe ardhini.

Kuna neno moja kwenye sentensi kuu hiyo ambalo nataka ulikodolee macho: mashine. Kama ningeishia "Udongo wa Kongwa haukufaa kwa karanga", sentensi ya mwisho kuhusu majembe ya matrekta ingekosa kiti, kwani kuisha makali kwa jembe si tatizo la karanga. Ningelazimika kuitoa. Na kubwa kuliko hilo, dai lingekuwa la uongo. Dodoma, mkoa ilimo Kongwa, watu wanalima karanga mpaka leo, na msahihishaji anayeijua Dodoma angekuandikia alama ya kuuliza pembeni mara moja. Mkulima mwenye shamba dogo na jembe la mkono anaweza kusubiri udongo ulegee, akang'oa kidogo kidogo. Mradi uliopanga kulima ekari 150,000 mwaka wa kwanza peke yake haukuwa na nafasi hiyo. Kwa hiyo maneno "za kulimwa kwa mashine" yanafanya kazi mbili: yanaweka mpaka wa kile unachodai, na yanaamua sentensi zipi zina haki ya kuingia. Sentensi kuu ikikusumbua, mara nyingi tatizo liko kwenye kivumishi au kishazi kinachokosekana namna hii, wala si kwenye wazo lenyewe.

Sentensi ya nne, ile ya matrekta, inastahili aya yake, na sentensi kuu yake inaweza kuwa: "Mashine zilizotegemewa kusafisha pori zilikuwa zimechoka hata kabla ya kufika Kongwa." Kivipi? Nyingi zilikuwa masalia ya vita, nyingine zikinunuliwa kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Zikakutana na pori lenye vichaka vilivyosukana mizizi na mibuyu minene. Kufikia mwishoni mwa 1947 mengi ya matrekta hayo yalikuwa yamesimama, na kati ya zile ekari 150,000 zilizopangwa, zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Takwimu hiyo ya mwisho ni ushahidi mzuri, lakini angalia mahali pake. Ukiitanguliza, msomaji ataona kushindwa bila kuona sababu, na anaweza kufikiri ni udongo, au ni uvivu. Ikija mwisho, baada ya matrekta kuchoka na pori kuonekana, namba inaonekana kama matokeo ya hayo mawili. Namba haijielezi yenyewe, inaelezwa na sentensi iliyoitangulia.

Hapa najua utaniuliza: je, udongo na mvua haviwezi kukaa aya moja? Kuna walimu wanaosema ukiona "na" kwenye sentensi kuu, kata aya mara mbili. Kanuni hiyo inasaidia mara nyingi, lakini si kila mara. Ukiandika "Udongo ulikuwa mgumu na mvua zilikuwa chache", una hoja mbili zilizoshikana mikono tu, na hakuna kinachozifanya ziwe kitu kimoja isipokuwa wewe kuzipanga jirani. Lakini angalia hii: "Kongwa ilichaguliwa kabla ardhi na mvua zake hazijachunguzwa vya kutosha." Hapo kuna "na", lakini dai ni moja, nalo linahusu uchaguzi wa mahali. Udongo na mvua vimeshuka cheo, vimekuwa mifano miwili ya kitu kimoja, yaani mambo ambayo uchunguzi wa kutosha ungeyagundua. Ushahidi wake nao ni tofauti: utaeleza kwamba ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kutathmini wazo hili ulizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka kwenye ndege, kisha mpango wa mamilioni ya ekari ukaidhinishwa. Baada ya hapo ndipo utaje udongo kwa sentensi moja na ukame wa Ugogo, yaani eneo hilo la Kongwa na Dodoma, kwa sentensi moja, kama mambo ambayo macho ya angani hayakuyaona.

Kwa hiyo ukweli uleule kuhusu udongo unaweza kuwa hoja nzima yenye aya yake, au ushahidi mdogo chini ya hoja nyingine. Inategemea unadai nini. Ndiyo maana swali lako la "ipi ibaki na ipi itoke" halijibiki kwa kuitazama sentensi peke yake. Itazame pamoja na dai lililo juu yake. Kitu kimoja tu usikifanye: kuweka maelezo marefu ya udongo kwenye aya mbili za insha hiyohiyo. Chagua mahali ambapo yatabeba uzito, kwingine yataje kwa kupita.

Sasa zilizobaki. Sentensi ya kwanza na ya pili zihamie kwenye utangulizi, ndipo msomaji anapohitaji kujua lini, wapi na kwa nini Uingereza ilihangaikia mafuta ya kula. Ya saba ihamie huko huko au kwenye hitimisho, lakini "fedha nyingi" ibadilishe iwe kiasi. Vitabu vingi vinataja kadiri ya pauni milioni 36, na insha yako itaheshimika zaidi ukiandika kiasi ulichokiona na kutaja kitabu chako. Ya sita itoe kabisa. Najua inauma, kwa sababu bandari ya Mtwara ni jambo kubwa na umelitafuta. Lakini swali ulilopewa ni sababu za kushindwa, na bandari ni sehemu ya kile mradi ulichokiacha. Iweke kwenye daftari, siku ukiulizwa matokeo ya mradi utaifungulia aya. Ya nane ifute usiirudishe. Aya ya kitaaluma ikishathibitisha dai lake imemaliza kazi, haidaiwi fundisho.

Kabla hujarudisha kazi, fanya jaribio ambalo mimi huwapa wanafunzi wangu. Funika sentensi kuu kwa karatasi, mpe mwenzako asome zilizobaki, kisha akwambie kwa sentensi moja aya inadai nini. Akikwambia kitu kinachokaribia sana sentensi uliyoificha, aya imeshikana. Akikwambia kitu kingine, usikimbilie kubadilisha maelezo. Huenda yeye ndiye sahihi, na ulichokidai juu sicho ulichokithibitisha chini. Mara nyingi dawa ni kuiandika upya sentensi kuu ifuate ushahidi ulionao. Akishindwa kusema chochote, au akitaja vitu viwili vikiunganishwa na "halafu pia", basi una aya mbili zilizobanana.

Unaruhusiwa vilevile kuitafuta sentensi kuu mwishoni. Watu wengi wanaoandika kila siku hawaanzi nayo. Wanaandika maelezo kwanza, wanafika sentensi ya sita ndipo wanagundua walichokuwa wanataka kusema, na sentensi hiyo ndiyo wanayoipandisha juu. Ukisoma rasimu yako, iangalie sana sentensi ya mwisho ya kila aya. Mara kwa mara dai lako halisi limejificha hapo, likiwa limetanguliwa na "kwa hiyo" au "ndiyo maana". Na si lazima iwe ya kwanza kabisa. Ukitoka aya ya udongo kuingia ya matrekta, unaweza kuanza na sentensi fupi ya kuvusha, mathalani "Hata pale udongo ulipolegea, kulikuwa na tatizo la zana", kisha dai likafuata. Ila kwa mwanafunzi anayesahihishwa na mtu mwenye rundo la insha mezani, ushauri wangu ni kuliweka dai ndani ya sentensi mbili za mwanzo.

Kuhusu urefu usihesabu sentensi. Aya ya udongo ina sentensi sita kwa sababu msomaji alihitaji kuelezwa karanga zinavyozaa. Kama ungekuwa unawaandikia maofisa kilimo, ungeondoa ya pili na ya tatu, na aya ingesimama kwa nne bila kupungukiwa. Aya ni fupi mno pale swali la "kivipi?" linapobaki bila jibu, na ni ndefu mno pale linapokuwa limeshajibiwa nawe bado unaandika. Utaratibu huu pia ni wa insha za hoja. Ukiandika hadithi au barua kwa shangazi, aya zitakatwa na mambo mengine, kama mtu mpya kuingia au wakati kusogea, na hakuna atakayekuuliza sentensi kuu.

Aya ya mvua sikuandikii, kwa sababu kwenye rasimu yako ina maneno matatu ya maana tu, "mvua zilikuwa chache", na hayo hayatoshi kubeba dai. Rudi maktaba na maswali mawili. Chache kulinganisha na nini: na mahitaji ya karanga, au na makadirio ya waliopanga mradi? Na je, tatizo lilikuwa jumla ya mvua za mwaka, au kukatika kwake katikati ya msimu? Haya ni madai mawili tofauti, na kila moja linataka ushahidi wake. Ukishajua unaloweza kulithibitisha, andika sentensi kuu moja, unitumie hiyo peke yake kabla hujaandika zilizobaki.